Uzi: Kisu cha kubangulia korosho kinakatika kama kioo. Mchoro wa TTT unaniambia ni bainaiti, kosa liko wapi?

#1 Kisu_Newala

Wakuu, habari za kazi. Nipo Newala, karakana yetu inatengeneza visu vya mashine za mkono za kubangulia korosho. Kisu ni bamba la unene wa mm 3, upana mm 30, urefu mm 120. Chuma kina cheti: kaboni asilimia 0.79, manganizi asilimia 0.70, hakuna kromi wala molibdeni.

Zamani tulichovya kwenye maji, visu vikapasuka. Safari hii tumefuata mchoro wa TTT wa chuma cha kaboni 0.8, ule unaoonyesha chuma kinageuka nini, kwa nyuzi zipi na baada ya muda gani. Tunapasha kwenye tanuri la umeme nyuzi 810 kwa dakika 10, tunazamisha kwenye bafu la chumvi ya naitreti iliyoyeyuka, nyuzi 250, dakika 2, kisha tunatoa na kuacha vipoe hewani. Mchoro unasema martensaiti, ile hali ngumu inayokatika, inaanza nyuzi 215. Sisi tuko 250, juu yake, kwa hiyo tumo ndani ya bainaiti. Nyufa zimeisha kweli. Lakini tupa inateleza juu ya kisu kama kwenye kioo, makali yanamomonyoka siku ya kwanza, na kisu kikianguka sakafuni kinakatika vipande viwili. Bainaiti si ndiyo inayosifiwa kwa ugumu usiokatika? Nina visu 40 vya namna hii kwenye sanduku.

#2 Mhunzi_Chikongola

Mdogo wangu, unajisumbua. Kanuni ni moja: ukipoza haraka unapata martensaiti, ukipoza wastani unapata bainaiti, ukipoza taratibu chuma kinalainika. Maji, oili, hewa. Chukua oili chafu ya injini, ipashe moto kidogo, chovya humo. Utapata bainaiti yako bila bafu la chumvi.

#3 Mwalimu_Karakana

Kisu, kwenye visu vyako 40 hakuna bainaiti hata chembe. Ni martensaiti tupu ambayo haijatempiwa, yaani haijapashwa tena kwa moto mdogo ili isikatike ovyo. Fungua mchoro wako tuuone pamoja.

Weka rula kwenye nyuzi 250, ilale mlalo. Anzia kushoto, sogea kulia. Mwanzoni uko sehemu ambayo hakuna kinachotokea, chuma ni austenaiti ileile iliyotoka tanurini, ila imepoa. Endelea mpaka ukutane na mkunjo wa kwanza, ule wa kuanza kugeuka. Kwa chuma hiki, kwenye nyuzi 250, unakutana nao kwenye sekunde 150 hivi. Wewe ulitoa kisu sekunde ya 120. Kisu kilitoka bafuni kikiwa bado hakijabadilika, kikapoa hewani, kikavuka 215, na hapo ndipo kikageuka martensaiti. Nyufa ziliisha kwa sababu kilivuka mstari ule taratibu, ndani na nje karibu kwa pamoja. Hiyo ni njia halali kabisa ya kupata martensaiti, ila umeiachia katikati bila kutempa.

Kuwa ndani ya eneo la bainaiti kwenye mchoro hakumaanishi kwamba una bainaiti. Lazima ukae kwenye nyuzi hizo mpaka uvuke mkunjo wa kwanza, kisha uendelee mpaka uvuke na wa pili, ule wa kumaliza.

Mistari ya martensaiti ni ya namna nyingine. Imelala mlalo kwa sababu martensaiti haingoji muda. Ukishuka nyuzi kadhaa chini ya 215, kiasi fulani kinageuka papo hapo. Ukisimama, nayo inasimama. Ukishuka tena, inaendelea. Kwa hiyo bainaiti unaipata kwa kusubiri, martensaiti unaipata kwa kushuka.

#4 Kisu_Newala

Asante Mwalimu. Lakini kwenye karatasi yangu mkunjo wa kuanza unapita karibu sana na alama ya 100. Mimi niliusoma kama sekunde 105 au 110, ndiyo maana nikaweka dakika 2 nikidhani nimezidisha.

#5 Mwalimu_Karakana

Hapo ndipo penye mtego. Mhimili wa muda kwenye mchoro huu haukugawanywa kama rula. Kila hatua ni mara kumi ya ile iliyotangulia: 1, 10, 100, 1000, 10000. Katikati ya 100 na 1000 kwa macho si 550, ni karibu 316. Kwa hiyo ukisogea kidogo tu kulia kwa 100, ukubwa wa kidole kwenye karatasi, tayari uko 150. Na sentimita moja upande wa kulia wa mchoro inaweza kuwa saa nzima wakati upande wa kushoto ni sekunde moja.

Na makosa hayalingani. Kukosea kidogo upande wa kushoto, kwenye pua, pale mkunjo wa kuanza unapochomoza zaidi kushoto, kunakuharibia kazi kwa nusu sekunde. Upande wa kulia, kwenye mkunjo wa kumaliza, ukizidisha nusu saa hupotezi kitu cha maana. Ndiyo maana kwenye bainaiti tunasubiri kwa ukarimu.

#6 Lindi_Maabara

Naomba nimjibu Mzee Mhunzi kwa heshima, maana kanuni yake ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki itamwumiza mwenye mada.

Mzee, kwenye vyuma vyenye molibdeni au kromi ya kutosha unayosema hutokea: ukipoza kwa kasi ya kati unaweza kupata bainaiti nyingi. Lakini chuma cha mwenye mada ni kaboni na manganizi tu. Angalia umbo la mchoro wake. Pua iko kwenye nyuzi 540 hivi, na muda wake ni karibu sekunde 1. Juu ya pua ni pealaiti, chini yake ni bainaiti, na bainaiti imejificha nyuma ya pua hiyo kama ngalawa nyuma ya mwamba. Ukishuka kwa kasi ya wastani unagonga pua na kupata pealaiti laini. Ukishuka kwa kasi ya kuikwepa pua, usiposimama njiani unapitiliza mpaka martensaiti. Hakuna mwendo mmoja mfululizo wa kupoza unaokufikisha kwenye bainaiti kwa chuma hiki. Ni lazima ushuke ghafla, kisha usimame.

Tena mchoro wenyewe ulipatikana kwa kusimamisha. Davenport na Bain, waliouchapisha mwaka 1930, walichukua vipande vyembamba, wakavizamisha kwenye bafu la moto usiobadilika, wakasubiri muda fulani, kisha wakavichovya majini na kuangalia ndani kuna nini. Kila mstari wa mlalo kwenye mchoro ni kazi ya peke yake. Ukichora juu yake mstari mteremko wa oili, unasoma kitu ambacho hakikupimwa. Kwa kupoza mfululizo mikunjo husogea chini na kulia, na kuna mchoro wake mwingine.

#7 Mhunzi_Chikongola

Sawa binti yangu, nimekuelewa. Lakini springi za lori tunazichovya kwenye oili miaka yote na zinakuwa ngumu, haziwi laini kama hiyo pealaiti unayosema. Hilo unalielezaje?

#8 Lindi_Maabara

Ni swali zuri, Mzee, na jibu ni kwamba springi ni chuma kingine chenye mchoro mwingine. Springi nyingi za lori zina kaboni karibu 0.6, na pamoja na manganizi kuna kromi ya asilimia 0.8 hivi. Kromi inaisukuma pua kulia, sekunde zinaongezeka, na oili inapata nafasi ya kupita. Kinachotoka kwenye oili yako ni martensaiti. Oili haikukupa bainaiti, ilitosha tu kuikwepa pua iliyosogea.

#9 Tezo_Mpingo

Nimefurahi springi zimetajwa. Mimi natengeneza tezo na patasi za wachongaji wa mpingo huku Mtwara, kwa springi za lori. Tezo zinakatika shingoni, pale kipini kinapoingia. Nifuate bafu la 250 la mwenye mada lakini nisubiri saa moja?

#10 Mwalimu_Karakana

Tezo, usitumie namba za mwenye mada, kila mchoro ni wa chuma chake. Kwa springi ya kaboni 0.6 yenye manganizi na kromi, martensaiti inaanza kwenye nyuzi 250 hivi. Fomyula ya Andrews inakupa makadirio ya Ms, yaani nyuzi ambapo martensaiti inaanza:

```
Ms = 539 - 423C - 30.4Mn - 17.7Ni - 12.1Cr - 7.5Mo
C 0.60, Mn 0.85, Cr 0.80  ->  Ms = karibu 250
```

Kwa hiyo bafu la 250 kwako liko juu ya mstari wenyewe. Nyuzi 10 chini na sehemu ya chuma imeshageuka martensaiti ndani ya bafu, nyuzi 10 juu na haijageuka. Huwezi kufanya kazi hapo. (Kwa kaboni 0.8 fomyula hii inatoa namba ya chini kuliko ile ya mchoro. Ukiwa na mchoro wa chuma chako, amini mchoro.)

Lakini pia sidhani kama tatizo lako ni bainaiti. Mpingo unataka makali yenye ugumu wa HRC 58 au zaidi kwenye kipimo cha Rockwell, na bainaiti haikufikishi huko kwa raha. Makali yawe martensaiti iliyotempiwa nyuzi 200, na shingo irudishwe peke yake kwa moto mpaka rangi ya buluu ipite, huku makali yakiwa yamezamishwa kwenye maji. Shingo ya tezo haihitaji ugumu wowote wa kukata.

#11 Kisu_Newala

Turudi kwangu kidogo. Visu 40 vilivyoko sandukuni si vya kutupa. Je, nikivirudisha kwenye bafu, sasa nyuzi 300 kwa saa nzima, vitageuka bainaiti?

#12 Mwalimu_Karakana

Hapana, na nitalieleza hili kwa kirefu kwa sababu wengi wanalikosea.

Mchoro unaanza na austenaiti. Saa yake inaanza kuhesabu pale chuma kinaposhuka chini ya nyuzi 727 kikitoka tanurini. Kikishageuka martensaiti, mchoro huo haukihusu tena. Ukikirudisha 300 unakitempa tu, na nyuzi 300 ndiyo sehemu mbaya kuliko zote za kutempa chuma cha namna hii. Kati ya nyuzi 250 na 350 hivi, martensaiti iliyotempiwa inapungua ugumu lakini haipati ustahimilivu wa kugongwa. Inakuwa na udhaifu wa pande zote mbili.

Na hiyo ndiyo sababu hasa ya kutafuta bainaiti kwa kisu chako. Kisu cha korosho hakihitaji makali ya wembe, kinahitaji kustahimili kugongwa na kuzungushwa ndani ya ganda mara maelfu kwa siku. HRC 50 hadi 52 inatosha. Ukitaka ugumu huo kwa njia ya martensaiti, utalazimika kutempa humohumo kwenye nyuzi 300 na kitu, kwenye sehemu mbaya. Bainaiti ya chini inakupa ugumu uleule moja kwa moja, bila kupita huko. Kwa vyuma vyembamba vya kaboni nyingi, kwenye ugumu unaolingana, bainaiti imepimwa ikistahimili pigo mara mbili hadi tatu zaidi.

Kwa visu 40 una njia mbili. Ya haraka ni kuvitempa nyuzi 200 kwa saa 2. Vitabaki vigumu, HRC 58 hivi, havitakatika vikianguka, lakini makali bado yatamomonyoka kuliko unavyotaka. Ya pili ni kuanza upya, kutoka tanurini. Uvilainishe kwanza polepole, kisha 810 tena, maana kupasha martensaiti mbichi ghafla kunaweza kuipasua.

Njia ya kupata bainaiti kwa kisu chako iwe hivi. Tanuri 810, dakika 10 tangu kisu kifikie rangi ya tanuri. Bafu nyuzi 305. Zamisha kwa makali kwanza, tikisa kwa nguvu mbele na nyuma kwa sekunde 10 za mwanzo, kisha kiachie kining'inie. Kwenye nyuzi 300 kugeuka kunakamilika baada ya nusu saa hivi. Wewe kaa saa nzima. Kisha toa, acha kipoe, osha kwa maji moto. Hakuna kutempa.

Kwa nini si 350? Kwa sababu ungemaliza mapema, kama sekunde 500 tu, lakini kisu kingekuwa laini zaidi na ungekaribia bainaiti ya juu, ambayo saimentaiti yake imekaa kwenye mistari minene na ni dhaifu kwa pigo. Kwa nini si 250? Ingekuwa ngumu zaidi, lakini kusubiri ni saa nyingi, na ukitoa mapema mabaki yanageuka martensaiti mbichi ndani ya bainaiti. Huo mchanganyiko ndio unaodanganya, kwa sababu tupa haiutambui.

#13 Bahari_Salama

Samahani kuingilia, lakini sijaona mtu akitaja hatari ya bafu. Mwenye mada yuko kwenye korosho, na nijuavyo karakana nyingi za huko zinachoma maganda ya korosho kama kuni. Naitreti iliyoyeyuka inatoa oksijeni. Kipande cha ganda, mkaa au kitambaa chenye mafuta kikianguka humo kinawaka kwa nguvu hata kulipuka, na mafuta ya ganda la korosho yaliyobaki kwenye kisu cha zamani nayo ni vilevile. Osha visu kwa sabuni, vikaushe kabisa. Tone moja la maji likizama kwenye chumvi ya nyuzi 300 linageuka mvuke na kurusha chumvi usoni. Ngao ya uso, glavu ndefu za ngozi, chombo cha chuma cha kawaida, si cha aluminiamu wala cha bati lenye zinki. Na bafu lisipite nyuzi 550 hata kwa bahati mbaya. Moto wa kulipasha uwe wa umeme au gesi wenye kidhibiti, na usiwe wa kuni chini ya chungu.

Mkichota chumvi iliyoganda kuiyeyusha upya, pasha kuanzia pembeni na juu. Ikiyeyuka chini kwanza huku juu imefunga, inasukuma na kupasua.

#14 Kisu_Newala

Bahari, asante sana. Tanuri letu ni la umeme, lakini maganda yapo mita tatu tu kutoka bafuni. Nayahamisha leo.

Mwalimu, kuhusu kutembea kutoka tanurini mpaka bafuni. Pua ni sekunde 1. Mimi nachukua sekunde 2 kwa koleo. Si nimeshagonga pua kabla sijafika?

#15 Mwalimu_Karakana

Hujagonga. Pua ni sekunde 1 kwenye nyuzi 540, si kwenye nyuzi 800. Ukiwa juu ya 727 saa haijaanza kabisa, na kwenye 700 pealaiti inahitaji dakika kadhaa. Bamba la mm 3 likiwa jekundu hewani linapoteza takriban nyuzi 10 kwa sekunde. Kwa sekunde 2 umetoka 810 ukafika 790. Uko salama.

Ila makali si mm 3. Sehemu yenye unene wa mm 0.5 inapoa hewani mara sita kwa haraka, nyuzi 60 kwa sekunde. Kwa sekunde 2 makali yameshashuka chini ya 700, na ukikawia sekunde 2 nyingine makali yako yako kwenye pua huku mgongo bado ni mwekundu. Ndiyo maana usinoe kabla ya kukaza. Acha makali yawe na mm 1 au zaidi, kisha noa baadaye kwa jiwe lenye maji. Hilo pia linaondoa ngozi iliyopoteza kaboni tanurini.

#16 Lindi_Maabara

Naongeza shaka yangu moja. Kwa chuma hiki vitabu huweka ukomo wa mm 5 kwa njia ya bainaiti, na hiyo ni kwa bafu linalokorogwa vizuri. Chumvi iliyotulia inanyonya joto polepole zaidi. Mm 3 kwenye chungu kidogo kisichokorogwa si mbali na ukingo. Mwalimu anasema kutikisa kwa mkono kunatosha. Mimi ningekata kipande cha majaribio kwanza, nikivunje, ning'arishe uso wa kati, niupake naitali ya asilimia 2, yaani asidi ya naitriki ndani ya alkoholi, na kuangalia kwa darubini. Bainaiti ya chini inaonekana kama sindano nyeusi nyeusi zilizopishana. Pealaiti iliyogonga pua inaonekana kama mabaka ya duara, mara nyingi kwenye mipaka ya chembe.

#17 Mwalimu_Karakana

Nakubali kipimo. Asiye na darubini atumie jiriwa: bana kisu, kipinde polepole kwa bomba refu, umevaa miwani. Martensaiti mbichi inakatika bila onyo. Bainaiti nzuri inapinda kwa ukaidi, inarudi, na ikizidiwa inabaki na mkunjo kidogo kabla ya kukatika. Pealaiti inapinda na kubaki hivyohivyo.

#18 Kisu_Newala

Wakuu, majibu ya wiki hii. Nimefanya 10 kwa 305, saa nzima. Saba ni safi: tupa inakwaruza kwa shida, na kimoja nilichokibana kwenye jiriwa kimepinda kama springi na kurudi. Lakini vitatu ni laini, tupa inakula. Bafu langu ni kilo 5 za chumvi. Nilivizamisha vyote 10 kwa mpigo nikiwa nimevifunga kwa waya mmoja.

#19 Lindi_Maabara

Vitatu hivyo ni laini wapi? Pote, au upande mmoja?

#20 Kisu_Newala

Upande mmoja tu, katikati ya ubapa. Ncha zote mbili ni ngumu.

#21 Lindi_Maabara

Basi viligusana. Visu viwili vya mm 3 vikilaliana ni bamba la mm 6, na chumvi haikuingia kati yao. Pale vilipogusana joto lilichelewa kutoka, pua ikagongwa, ikawa pealaiti.

#22 Mwalimu_Karakana

Na hata hivyo saba vilivyo safi vimepata moto zaidi ya ulioandika. Piga hesabu. Kisu kimoja kina gramu 85. Kushuka kutoka 800 mpaka 305 kinaachia kama kilojuli 27, na kugeuka kwenyewe kunatoa nyingine 7 hivi. Kilo 5 za chumvi zinahitaji kama kilojuli 7.5 kupanda nyuzi moja. Kisu kimoja kinapandisha bafu nyuzi 4 hadi 5, hilo si kitu. Visu 10 kwa mpigo ni nyuzi 40 na zaidi. Bafu lako lilienda karibu 345, na sehemu kubwa ya bainaiti yako imeundwa huko, ikiwa laini kuliko ya 305. Themokapo yako iko wapi?

#23 Kisu_Newala

Iko nje, imegusa ukuta wa chungu.

#24 Mwalimu_Karakana

Iingize ndani ya chumvi, kwenye ala ya chuma, kina cha visu. Ukutani inasoma moto wa koili, haisomi kinachokigusa kisu. Zamisha viwili viwili, kila kimoja na ndoano yake, sentimita 3 kati yao, na subiri bafu lirudi 305 kabla ya jozi inayofuata. Saa ya kila jozi ihesabiwe peke yake.

#25 Tezo_Mpingo

Mimi nimefuata martensaiti. Swali dogo: nikishachovya tezo kwenye oili, naweza kuitempa ikiwa bado na joto la mkono kushindwa kugusa, tuseme nyuzi 100? Huwa naogopa ipasuke ikisubiri.

#26 Lindi_Maabara

Kuogopa nyufa ni sahihi, lakini 100 bado ni juu. Martensaiti inaendelea kuundwa unaposhuka. Kuna kanuni ya Koistinen na Marburger, ambapo f ni sehemu iliyogeuka martensaiti na T ni nyuzi ulizoshukia:

```
f = 1 - exp(-0.011 * (Ms - T))
Ms 250, T 100  ->  f = 0.81
Ms 250, T 30   ->  f = 0.91
```

Ukitempa ikiwa 100, karibu sehemu moja kati ya tano bado ni austenaiti, na baadhi yake itageuka martensaiti mbichi itakapopoa baada ya tempa. Shuka mpaka uweze kuishika mkononi, kisha itempe saa hiyohiyo, usiiache ilale usiku.

#27 Mhunzi_Chikongola

Hapo napata shida. Mchoro aliouweka mwenye mada kwa chuma chake una mstari wa asilimia 90 karibu na nyuzi 130. Hesabu yako ukiitumia kwa chuma kile, mwanzo 215, inasema 90 haifikiwi mpaka karibu na nyuzi 5. Huku Mtwara maji ya bomba ni 28. Kipi ni cha kweli?

#28 Lindi_Maabara

Mzee, umeona sawasawa, na sina jibu la kukata. Mistari hiyo kwenye michoro ya zamani na kanuni hii havikubaliani kwa kaboni 0.8. Mimi naegemea kwamba mchoro unazidisha, kwa sababu austenaiti inayobaki kwenye chuma cha kaboni nyingi hupimwa na kuonekana ipo. Lakini kanuni nayo ni ya wastani wa vyuma vingi.

#29 Mwalimu_Karakana

Mimi naegemea upande wa mchoro zaidi ya Maabara, walau kwa vipande vyembamba. Kwa kisu cha bainaiti hoja hii haigusi chochote, maana austenaiti imeisha kabla hujatoa bafuni. Kwa tezo inagusa.

#30 Kisu_Newala

Jozi tano zimetoka leo, themokapo ikiwa ndani ya chumvi. Usomaji wa juu kabisa ulikuwa 311. Tupa imekuwa ileile kwa visu vyote 10, pande zote mbili. Kimoja nimekipinda mpaka nyuzi 20 za pembe, kimerudi karibu chote. Vile vitatu laini nimevirudisha tanurini kuanza upya. Vile 40 nimetempa 20 kwa nyuzi 200 na 20 nitavianza upya, tuone makali ya kipi yatadumu kwenye mashine msimu huu.